Cheti cha ndoa hakigawi mirathi

Siku ya tatu baada ya kumzika baba mdogo, kikao cha ukoo kilikaa chini ya mwembe. Mama mdogo alikuja na cheti chake cha ndoa ya kanisani kwenye bahasha ya kaki. Kaka wa marehemu alikitazama, akamrudishia. "Shemeji, ndoa yenu hakuna anayeibishia. Hapa tunazungumzia mali."

Nilimchukia siku ile. Baadaye niliposoma sheria, nikagundua kwamba mzee yule, pamoja na ubabe wake, hakuwa amekosea sana.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inazitambua ndoa zote: ya kimila, ya dini na ya bomani. Mkiachana, kifungu cha 114 kinawahusu nyote. Mahakama inagawa mlichochuma pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kulea watoto na kutunza nyumba nako ni mchango. Lakini mume akifariki, kifungu hicho hakina kazi. Hapo mahakama huuliza marehemu aliishi maisha ya namna gani: ya kimila, ya Kiislamu, au ya namna nyingine.

Chukua nyumba ya milioni 48, mjane mmoja, wana wawili na mabinti wawili. Kwa Kiislamu mjane anapata thumni, yaani milioni 6. Kila mwana 14, kila binti 7. Kwa sheria ya kiserikali tuliyorithi kutoka India, ya 1865, mjane ana theluthi, milioni 16, na kila mtoto 8. Kwa kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Yaani angeachika, angekuwa na cha kudai. Kwa kuwa alivumilia hadi kaburini, anategemea huruma. Kwangu hili ni aibu ya sheria, si ya mila peke yake.

Na mtego uko mlangoni. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Ukoo ukiwahi kupeleka pale muhtasari wa kikao na jina la msimamizi, shauri limeshaanza kwa sura ya kimila, hata kama marehemu alikuwa mzee wa kanisa aliyeishi mjini miaka thelathini na kijijini akienda kwa misiba tu. Mjane anaruhusiwa kupinga, ila ni salama zaidi ajitokeze tangazo la mahakama likiwa bado ukutani, na aonyeshe maisha yalivyokuwa.

Mama mdogo alikuwa na kitu kimoja zaidi ndani ya bahasha: hati ya kiwanja yenye majina mawili, la mumewe na lake. Nusu yake mjane haikuwa ya marehemu, kwa hiyo haikuingia kwenye mirathi. Kaka wa marehemu aliisoma mara mbili, akaomba maji ya kunywa.