Odijo, mathe, buda: dharau hukaa wapi?

"Kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa akimsimulia mwenzake mambo ya shule. Kila mwalimu alikuwa 'odijo', baba yake akawa 'buda', nami nikawa 'mathe'. Haya ni matusi au ni mazungumzo tu ya rika lao?" Mzazi, Kisumu.

Kwa maneno hayo matatu pekee, mama, hujatukanwa, wala mwalimu hajatukanwa. Lakini sitaki kukuambia ulale usingizi, kwa sababu dharau ipo katika mazungumzo ya vijana wetu, na wao wenyewe wanaijua. Wanaificha mahali ambapo sisi watu wazima hatutazami. Sisi huwinda msamiati, ilhali dharau imekaa kwenye sarufi.

Nimefundisha Kiswahili hapa Kisumu kwa muda wa kutosha kusikia pande zote mbili zikibishana. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu husema, "Mimi nilisomea ualimu, sikusomea uodijo." Hoja yake ina uzito. Shule ni mahali pa ngazi, na cheo cha mwalimu kinaanza na jina analoitwa. Mtoto aliyezoea kumtaja mwalimu kwa neno la mtaani, asema mwenzangu, siku moja atalitoa mbele ya mgeni bila kutambua. Vijana nao hujibu kwamba Sheng ndiyo lugha yao, na kwamba odijo ni mwalimu tu, kama vile doo ni pesa na keja ni nyumba.

Tuanze na odijo lenyewe. Neno hili hutumika zaidi mwalimu akiwa hayupo, na mara nyingi ni la tahadhari. Mmoja anasimama mlangoni, anasema "Odijo!" na darasa zima linatulia. Basi ni neno la siri, na watu wengi hudhani kila kinachofichwa ni kibaya. Si hivyo. Kijana hufichaficha mengi ili awe na uwanja wake, hasa katika shule ambako bado kuna sheria ya kuzungumza Kiingereza pekee na anayeteleza huvishwa kibao. Mtoto ambaye lugha yake inalindwa na askari namna hiyo lazima atatafuta maneno ambayo askari hayajui. Hapa kwetu kuna jambo jingine linalolilainisha neno hili: masikioni mwa Mjaluo, odijo linasikika kama jina la mtu, jirani wa Odongo na Odhiambo. Sijawahi kumsikia mwanafunzi akilitamka kwa ukali. Ticha nalo ni jepesi zaidi, maana hilo hata mwalimu huitwa usoni akacheka.

Mathe ni neno la mapenzi kwa wengi wao. Mama anayeuza chapati na maharagwe nje ya lango la shule ni mathe, na kijana anayemwita hivyo mara nyingi anaomba kukopeshwa. Nakuru utasikia shosho kwa bibi, neno lililotoka kwa Wakikuyu likakubalika na kila mtu. Hilo halina ubaya wowote, nalipita.

Buda ndilo linalonivutia, kwa sababu lilianza vibaya. Lina asili ya Kihindi, na huko neno linalokaribiana nalo humtaja mwanamume aliyezeeka. Kumwita mtu hivyo machoni pake si adabu kwa wenye lugha. Lilipoingia mitaani kwetu, ule ukali ulibaki nyuma. Leo buda ni baba, na zaidi ya hapo ni rafiki: kijana wa miaka kumi na saba humwita mwenzake buda bila kufikiria uzee. Linganisha na msee. Hilo limetokana na mzee, neno letu la heshima kuliko yote kwa mwanamume mtu mzima, na sasa ni mtu yeyote yule, hata mtoto wa shule ya msingi. Neno la kejeli limepanda, neno la heshima limeshuka. Kwa hiyo anayepima dharau kwa kuangalia neno lilikotoka atakosea kila mara.

Sasa tuje mahali dharau inapokaa kweli. Chukua mwalimu mmoja, tuseme wa hesabu, aliyewarudishia wanafunzi karatasi zenye alama mbovu. Jioni wanamzungumzia njiani kuelekea Kondele. Wa kwanza anasema, "Odijo ametubamba." Wa pili anasema, "Odijo wetu hachezi." Wa tatu anasema, "Hako kaodijo kanajiona." Neno ni lile lile mara tatu. Wa kwanza ametoa habari. Wa pili amelalamika, lakini amemkumbatia mwalimu kwa "wetu", na ukisikiliza sauti utakuta kuna fahari ndani yake. Wa tatu ndiye aliyedharau. Amemtoa mwalimu katika ngeli ya watu, ile ya a- na wa-, akamtia katika ka-, ngeli ya vitu vidogo, kisha akavilazimisha kiashiria na kitenzi vifuate: hako, kanajiona. Sentensi nzima imeinama ili kumfanya mtu mzima awe kitu cha kushikwa kwa vidole viwili.

Angalia kwamba angeweza kufanya hivyo kwa neno safi kabisa. "Hako kamwalimu" ni dharau kuliko "odijo" mara kumi, na hakuna neno la Sheng ndani yake. Vivyo hivyo "hako kazee". Mzazi anayekagua msamiati atampongeza mtoto kwa kusema mwalimu, huku mwalimu amekwisha kuvuliwa utu wake. Upande wa pili, wa ukubwa, upo pia: "lile lizee", "jizee hilo". Huko mtu anafanywa zimwi. Kwa sikio langu ka- inauma zaidi, kwa sababu zimwi angalau linaogopwa.

Hapa lazima niweke mipaka miwili, la sivyo utaanza kumrukia mtoto bure.

Mpaka wa kwanza ni kwamba ka- si dharau kila inapotokea. Bara hii ya Kenya imeshika ka- ya udogo pale ambapo watu wa pwani husema ki-, na lugha zetu nyingi za Kibantu, za Waluhya na za Wakikuyu, zinayo ngeli hiyo tangu zamani, zikiitumia kwa udogo na kwa mahaba pia. Mjukuu wa Kakamega akisema "kakukhu kangu kamenitumia ndizi", anambembeleza bibi yake. Tofauti ni kimilikishi na kiashiria. "Kangu" na "ketu" humvuta mtu karibu. "Hako" na "kale" humsukuma mbali na kumwonyesha kidole. Mtoto akisema "kashosho kangu", mwache. Akisema "kale kashosho", muulize anamzungumzia nani, na kwa nini. Kijaluo hakina ngeli za namna hii, kwa hiyo mtoto aliyekulia Kijaluo huokota ka- mtaani, na nimeona kwamba wengine huiokota pamoja na ukali wake tu, bila ule utamu wa kubembeleza. Hilo si kosa lao, lakini ndilo linalofanya "ka-" ya Kisumu isikike kavu kuliko ya Kakamega.

Mpaka wa pili ni "hii". Wazazi wenye Kiswahili cha vitabuni hukasirika wakisikia "hii mwalimu" au "hiyo mzee", wakidhani mtu amefanywa kifaa. Katika Kiswahili cha bara, watu hutumia "hii" kwa karibu kila kitu, hata kwa wanaowapenda: "hii mtoto yangu inaniletea raha". Ni kosa la sarufi, nami nitalisahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini haliniambii kitu juu ya moyo wa msemaji. Ka- yenyewe huniambia, kwa sababu haimtoki mtu bila kukusudia: amekwisha kusema "ticha amekuja" asubuhi, na jioni akachagua "katicha".

Baada ya ngeli, kitu cha pili kinachopima uzito ni kama neno linamtaja mtu au linamwita. "Buda wangu amesafiri kwenda Busia" ni taarifa. "Buda, niazime kalamu", akiambiwa mwalimu, ni kuvunja ngazi, kwa sababu kwa kumwita hivyo kijana amemweka katika rika lake. Na hapa ndipo hoja ya vijana kwamba "ni lugha tu" inapoanguka. Sijamsikia hata mmoja wao akimwita padre buda, wala chifu, wala mzee wa Kijaluo aliyekaa kivulini. Huyo humwita jaduong', kwa sauti ya chini. Wanajua kabisa ni lipi linafaa wapi. Akilitumia kwa mwalimu usoni, amejaribu ukuta aone kama utasogea.

Kitu cha tatu ndicho kinachoniumiza mimi binafsi, nacho hakimo katika orodha yoyote ya Sheng. Ni lakabu. Kila mwalimu anayo. Zipo zinazotokana na somo au msemo anaoupenda, na hizo ni za kawaida. Nyingine mwalimu huzijua na kuzivaa kwa furaha. Zipo zinazotokana na mwili wake, mguu, jicho, upara, na hapo hakuna mjadala, ni ukatili. Lakini Magharibi kuna aina ya tatu, inayotokana na kushrabu, yaani lugha ya mama kuonekana katika matamshi. Kijaluo cha asili hakina sauti ya sh, hivyo mwalimu mzima mwenye shahada anaweza kusema "sule" kwa shule. Siku hiyo hiyo anakuwa Sule. Jina halina tusi. Ukilisikia nyumbani utadhani ni jina la mtu wa pwani. Lakini kila linapotamkwa linambeba mwalimu, mama yake aliyemfundisha kusema, na kijiji kizima, na kuwaweka mahali pa kuchekwa. Na wanaolitunga mara nyingi ni watoto wa lugha hiyo hiyo, wanaoiogopa ndimini mwao wenyewe. Kati ya yote niliyoyataja, hilo ndilo ningelikemea jioni hiyo hiyo, hata kama mwalimu hajawahi kulisikia.

Kwa kijana wako, basi, usianze na mathe wala odijo. Mkiwa mnaosha vyombo au mnapepeta mchele, mwache asimulie shule kwa maneno yake, na usikilize vitu vitatu: kama walimu wake wanabaki katika a- na wa- au wanaangukia ka-, kama anayoyasema wakiwa mbali ndiyo anayowaita machoni, na kama kuna jina la mwalimu ambalo yeye na mwenzake hulicheka kila likitajwa. Likitokea hilo la mwisho, muulize lilitoka wapi. Akikuambia mara moja, huenda ni msemo wa darasani. Akisita, tayari anajua linamuumiza nani.