Mfanyakazi wa kumi

Jana asubuhi nilipita stendi ya Msamvu, nikamkuta kijana mmoja anakimbilia basi la Dodoma na katoni ya maji begani. Aliponiona akasimama. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, kisha nikakosa la kusema. Kijana yule amesomea uokaji kwenye chuo cha ufundi. Nimemwona akikanda donge la kilo kumi bila kupima maji kwa kikombe, anaweka kiganja tu na kujua bado kidogo. Sijalala vizuri, na leo naandika nikiwa na hasira.

Mimi ni mhasibu wa biashara ndogondogo hapa Morogoro. Miongoni mwa wateja wangu kuna mama mwenye tanuri la mikate, na mwaka 2024 alikuwa na wafanyakazi tisa. Kijana alifika pale kwa mafunzo ya vitendo. Alipomaliza mama alitaka kumwajiri kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, akaniita nimpigie hesabu. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mishahara ya wale tisa, pamoja na posho na malipo ya saa za ziada, ilikuwa 4,150,000. Akiongezwa kijana inakuwa 4,450,000. Lakini akiongezwa kijana, wafanyakazi wanakuwa kumi, na mwenye wafanyakazi kumi analipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Kwa kiwango cha wakati ule, asilimia 3.5, tozo ikaja 155,750.

Mama aliitazama karatasi, akaitazama tena. "Yaani asilimia tatu na nusu ya mshahara wake?"

Hapana mama. Ya mishahara ya wote.

Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo nitakapokaa leo. Ukiwa na watu tisa hulipi hata senti. Akiingia wa kumi, tozo haianzii kwake, inarudi nyuma mpaka kwa yule wa kwanza na kugusa kila shilingi iliyotoka mwezi ule. Kwa hiyo kijana wa 300,000 alimgharimu mama 455,750 kabla hata hatujafika NSSF. Kiasi kingine cha zaidi ya nusu ya mshahara wake kilikuwa ni adhabu ya kuwa wa kumi. Angekuwa wa kumi na moja, angeongeza 10,500 tu. Angekuwa wa tisa, asingeongeza kitu. Ni kijana yuleyule, mikono ileile, tanuri lilelile.

Na fedha hizi zinakusanywa kwa jina la nani? Tozo imekaa ndani ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ile ya 1994, Sura ya 82. Shabaha yake ni waajiri wachangie kufundisha vijana kazi. Kijana huyu alifundishwa kazi, akahitimu, akapata mtu wa kumwajiri, na tozo iliyowekwa kwa ajili yake ndiyo iliyomzuia mlangoni. Nikilifikiria hilo napandwa na uchungu ambao siwezi kuueleza kwa namba.

Najua kuna watakaosema nimesahau tulikotoka. Sijasahau. Kabla ya Julai 2021 kikomo kilikuwa wafanyakazi wanne, na mtu mwenye mgahawa wa meza sita alikuwa analipa. Kiwango nacho kiliwahi kuwa asilimia 6, kikapunguzwa kidogo kidogo hadi kufika 3.5 mwezi Julai 2023. Hayo yalikuwa mema, nilishukuru wakati ule na nashukuru hata sasa. Lakini kusogeza ukuta kutoka wanne hadi kumi hakujaondoa ukuta. Wanaougonga leo ni wale waliokua, waliotoka watu watano wakafika tisa, yaani hasa wale tunaotaka waendelee kuajiri.

Ninachoona kwenye vitabu vya wateja wangu ni watu kusimama kwenye tisa. Wengine wanasajili kampuni ya pili kwa jina la mke au shemeji, watu sita huku, watu saba kule, mlango mmoja. Wengine wanamweka mtu wa kumi nje ya kitabu, wanamlipa kila Jumamosi kutoka kwenye droo. Hilo la droo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu wa droo hana NSSF, na akiungua mkono kwenye tanuri hana jina la kupeleka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tena kisheria haisaidii. Kibarua naye ni mfanyakazi, na wa muda naye, na yule mwenye ajira nyingine anayekuja kwako jioni. Wote wanahesabiwa kwenye kumi. Mkaguzi akikaa na daftari la matumizi akaona "malipo ya msaidizi" kila wiki kwa mwaka mzima, anahesabu vichwa upya na kurudi nyuma mwezi kwa mwezi, na riba juu.

Halafu hesabu ni ya kila mwezi. Wengi wanadhani ukishakuwa "mdogo" unabaki mdogo mwaka mzima. Tuchukue Desemba. Mama huleta vibarua watatu wa msimu, 150,000 kila mmoja, na huwapa wale tisa bonasi ya jumla ya 1,350,000. Mwezi huo ana watu kumi na wawili, na malipo yote ni 5,950,000. Kwa kiwango kile cha 3.5, SDL yake ni 208,250, na inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 7 Januari pamoja na PAYE. Bonasi imo ndani. Mwezi ambao mwajiri amewakumbuka watu wake ndio mwezi anaovuka kikomo kwa sababu ya vibarua watatu. Januari anarudi tisa, na tozo inarudi sifuri.

Nikiwa hapo, niseme kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote, maana limewagharimu watu. Wanaotengeneza hesabu kwenye Eksel huchukua kiasi kilekile wanachokatia PAYE na kukipiga kwa asilimia ya SDL. Si kilekile. PAYE inakatwa baada ya kuondoa mchango wa mfanyakazi wa hifadhi ya jamii. SDL inapigwa kwenye malipo ghafi, kabla hujaondoa chochote: mshahara, posho, saa za ziada, malipo ya likizo, kamisheni, bonasi. Kwa 4,450,000 na kiwango kile cha 3.5, ukiondoa asilimia 10 ya NSSF unabaki na 4,005,000, na tozo unaipata 140,175. Umepungukiwa 15,575 kila mwezi na hujui. Kujikagua ni rahisi. Chukua SDL uliyolipa, gawanya kwa kiwango cha mwezi huo, kwa mwaka 2024 ni 0.035. Jibu lisipolingana na jumla ya safu ya malipo ghafi kwenye karatasi ya mishahara, kuna kitu umekiacha nje. Na tozo hii ni ya mwajiri. Ukiikuta imekatwa kwenye mshahara wako, dai urudishiwe.

Kuhusu wanaosamehewa sina ugomvi mkubwa. Serikali, balozi, Umoja wa Mataifa, taasisi za hisani, shule zilizosajiliwa, wahudumu wa ibada, sawa. Wa shambani ndio wanaonichanganya. Mchuma kahawa amesamehewa kwa sababu kazi yake ni kilimo moja kwa moja na kilimo peke yake, lakini meneja wa shamba hakusamehewa, na anayekoboa kahawa ileile mita mia kutoka mtini naye hakusamehewa. Sasa yule anayechuma asubuhi na kukoboa mchana? Neno "peke yake" linamtoa. Mwenye shamba asiyeandika nani alifanya nini siku gani hana cha kumwonyesha mkaguzi.

Nirudi kwenye kumi. Kuhesabu vichwa ni kipimo kibaya cha uwezo. Fikiria ofisi ya ushauri yenye watu wanane wanaolipwa jumla ya milioni 40 kwa mwezi. SDL yao ni sifuri. Tanuri lenye watu kumi na milioni nne na nusu linalipa. Mwenye uwezo wa kuchangia ni nani kati ya hawa?

Waingereza wana tozo ya namna hii kwa ajili ya mafunzo ya kazini, na wameipanga kwa jumla ya mishahara. Kiwango ni asilimia 0.5, na kila mwajiri anapewa nafuu ya pauni 15,000 kwa mwaka, inayogawanywa miezi kumi na miwili. Nafuu hiyo inafuta tozo ya pauni milioni tatu za mwanzo, na anachozidisha ndicho anacholipia. Hakuna mfanyakazi hata mmoja ambaye kuingia kwake kunaamsha tozo ya wote waliomtangulia.

Sisi tukisema, kwa mfano, milioni 4 za mwanzo kila mwezi hazitozwi, kwa kiwango kilekile cha 2024 cha 3.5 mama wa mikate angelipa 5,250 akiwa na watu tisa. Ndiyo, angeanza kulipa mapema, na nina hakika angekubali, nilimuuliza. Akimwongeza kijana analipa 15,750. Kijana amemwongezea 10,500, yaani asilimia tatu na nusu ya mshahara wake mwenyewe, kama mama alivyodhani tangu mwanzo. Ile ofisi ya milioni 40 ingelipa 1,260,000. Kampuni kubwa zingepata nafuu ya 140,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kwenye mishahara ya mamia ya watu hakionekani. Wataalamu wa bajeti wanaweza kupata namba bora kuliko yangu ya milioni 4. Ninachoomba ni mteremko mahali pa ukuta.

Wakubwa wana kilio kingine, kwamba theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo inayokwenda VETA na sehemu kubwa inakwenda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Wana haki ya kulia, ila wao wana vyama vya kuwasemea kila bajeti inapokaribia. Mama wa mikate hana.

Ile siku ya hesabu alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama anaweza kumlipa kijana kwa droo mpaka biashara ikae sawa. Nikamwambia siwezi kusaini vitabu vya namna hiyo. Nilisema kweli, na kijana akaondoka mwisho wa mwezi.

Jana pale Msamvu, kabla basi halijaondoka, aliniuliza swali moja. "Mama, kule wameshaongeza watu?" Nikamwambia bado. Akashusha katoni, akanipa chupa ya maji, akakataa hela yangu, akakimbia.

Jioni nilijaza ritani ya tanuri. Wafanyakazi tisa, SDL sifuri.