Akili unde kwenye faili la mgonjwa wa afya ya akili

Hoja ya wanaotetea akili unde katika kliniki za afya ya akili ina uzito. Mnasihi aliyeona wagonjwa saba kwa siku huandika maelezo yao jioni akiwa amechoka, na ni rahisi kuchanganya ya huyu na ya yule. Programu inayosikiliza mazungumzo na kutoa rasimu ya maelezo humwachia nafasi ya kumtazama mgonjwa badala ya kuinamia kompyuta, na katika tiba ya mazungumzo kutazamana huko ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Hata hivyo, rasimu hiyo ina kasoro inayogusa fani hii kuliko nyingine. Mwaka 2024 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa vilitoka na maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka, na asilimia 38 ya nyongeza hizo zilikuwa na madhara, kwa mfano kutaja ukatili ambao haukusemwa. Kasoro ilizidi kwa wazungumzaji wenye afasia, yaani ugumu wa kuzungumza unaotokana na madhara kwenye ubongo, na ilihusiana na vipindi virefu vya ukimya. Uchunguzi ulihusu Kiingereza, kwa hiyo kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa kwenye Kiswahili moja kwa moja, lakini chanzo chake kinatuhusu: mtu mwenye sonona kali huzungumza polepole na kunyamaza sana, na ukimya huo ni dalili inayopaswa kuandikwa. Programu ikiujaza maneno, faili hupoteza dalili na kupata uongo.

Tuchukue mfano. Mgonjwa anaulizwa kama amewahi kufikiria kujiua. Ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anasema, “Hapana… labda zamani.” Rasimu inaandika: “Anakana mawazo ya kujiua.” Mnasihi akiisoma siku hiyohiyo ataisahihisha, akiisoma baada ya siku tatu huenda akaiidhinisha, na daktari atakayefuata atainakili. Hapa maadili mawili yanavutana, kwa kuwa faragha inataka sauti ifutwe mapema, ilhali usahihi unataka ibaki ili rasimu ilinganishwe nayo. Kwa maoni yangu, sauti ibaki hadi mnasihi atie saini siku hiyohiyo, kisha ifutwe, na kliniki isiyoweza kutimiza hilo isirekodi kabisa.

Swali la pili ni data inakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na kifungu cha 49 kinataka ridhaa ya mhusika pamoja na uthibitisho wa ulinzi unaofaa kabla ya taarifa hizo kuchakatwa nje ya nchi. Mnasihi anayebandika maelezo ya mgonjwa kwenye akaunti yake binafsi ya bure hana hata kimoja, na hospitali yake haina mkataba wowote na kampuni inayoyapokea. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini huko kuna jambo zito zaidi: Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Sentensi moja ya kliniki ikivuja inaweza kumfikisha mgonjwa mikononi mwa polisi. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025.

Programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta za hospitali hupunguza hatari hiyo, ingawa inahitaji vifaa na fundi ambavyo kliniki nyingi za wilaya hazina. Kwa kliniki kama hizo, kutumia akili unde kupanga barua za rufaa zisizo na taarifa za mgonjwa ni faida halisi, japo ndogo.

Katika utafiti, wengi huamini kwamba kufuta majina kunatosha. Lakini “mwalimu wa sekondari aliyefiwa na mapacha wake katika ajali ya boti” hahitaji jina ili watu wa kisiwani kwake wamtambue. Kusahihisha lugha ya makala ni jambo jingine: wahariri wa majarida ya tiba wanaruhusu akili unde itumike mradi mwandishi aeleze ilivyotumika na asiiorodheshe kuwa mwandishi, na kwa mtafiti anayeandika kwa lugha ya tatu msaada huo ni wa haki. Mahojiano ghafi hayamo katika ruhusa hiyo. Washiriki walioahidiwa kwamba watafiti pekee ndio watakaosoma maneno yao hawakukubali yapelekwe kwenye seva ya kampuni. Mtafiti anayetaka kuyapeleka huko arudi kwanza kwenye kamati ya maadili, na kwa washiriki wenyewe wakipatikana. Wasipopatikana, ayachambue mwenyewe kwa mkono.