Kabla ya kulipia programu ya kuhariri video, tengeneza proksi

Kila mwenye kompyuta mpakato ya zamani anayetaka kuhariri video huanza kwa kuuliza kama atumie programu ya bure au ya kulipia. Mimi naona swali hilo linatangulizwa mahali pasipo pake, kwa sababu mara nyingi kinachoilemea mashine ni namna simu ilivyoibana video yenyewe, na mzigo huo haupungui kwa kulipa bali kwa kuhariri proksi, yaani nakala nyepesi ya video.

Kompyuta ninayoitumia ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 3, iliyotoka mwaka 2012, na RAM ya gigabaiti 8. Nilipoletewa video za harusi ya binamu yangu, dakika 40 hivi zilizopigwa kwa simu katika 4K na kuhifadhiwa kwa kodeki ya H.265, ambayo ni njia ya kuibana video, zote zilikuwa chini ya gigabaiti 7. Nikadhani kwa udogo huo zingefunguka bila shida, lakini kila nilipobonyeza kitufe cha kucheza, sauti iliendelea huku picha ikiganda.

Sababu ni kwamba H.265 haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa nyingi zinazofuata huandika tofauti tu, kwa hiyo ukirukia katikati ya klipu, kompyuta hulazimika kurudi hadi fremu kamili ya karibu na kuzikokotoa zilizo katikati kabla haijakuonyesha hiyo moja uliyoitaka. Prosesa mpya zina sehemu maalumu ya kufungua H.265. Ya kizazi cha 3 haina, hivyo kazi yote huangukia viini vya kawaida. Hata programu ya kulipia inayojivunia kutumia sehemu hiyo haiwezi kutumia kisichokuwepo.

Wala "bure" si sawa na "nyepesi". DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, na toleo lake la Studio huuzwa kwa dola 295 zinazolipwa mara moja, lakini yote mawili yanataka RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya picha yenye nguvu. Premiere Pro, inayolipiwa kwa mwezi, inataja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini kabisa, na kiwango cha chini maana yake ni kwamba programu itafunguka, si kwamba utafanya kazi kwa raha. Kwa mashine kama yangu nimechagua Kdenlive, ambayo ni ya bure, na fedha ambayo ningelipia programu niliinunulia diski ya SSD. Anayefanya kazi na timu inayobadilishana miradi ya Premiere ana sababu halali ya kulipa. Wasiwasi wa kompyuta kukwama si sababu mojawapo.

Proksi ni nakala nyepesi ya kila klipu, ambayo unaihariri badala ya faili halisi. Katika Kdenlive nilifungua `Project Settings`, nikaingia kwenye `Proxy`, nikaiwasha na kuchagua MJPEG, kodeki inayohifadhi kila fremu kwa ukamilifu, kwa hiyo kurukia popote kunakuwa rahisi. Upana niliuweka pikseli 960, robo ya upana wa 4K. Proksi zote zilichukua zaidi ya gigabaiti 4, jambo linalowashangaza wengi: faili haikuwa ndogo sana, ila ilikuwa rahisi kufungua. Niliiacha kompyuta izitengeneze usiku, na asubuhi kila klipu ilikuwa na alama ya P. Klipu isiyo na alama hiyo bado inachezwa kutoka faili halisi, na ndiyo itakayokwama.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya proksi. Simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na klipu za namna hiyo huweza kufanya sauti iachane polepole na midomo ya wasemaji. Kdenlive ikitoa onyo kuhusu kasi hiyo unapoingiza klipu, kubali izibadilishe kwanza, ndipo utengeneze proksi. Mimi nililipuuza kwa hotuba ya baba wa bwana harusi, nikalazimika kuikata upya yote.

Kukata, kupanga na kuweka maandishi hufanyika vizuri juu ya proksi. Ukali wa picha usiuhukumu humo: klipu niliyodhani haikulenga vizuri ilionekana safi kabisa nilipozima proksi yake kwa muda. Wakati wa kutoa video ya mwisho, programu hurudi kwenye faili halisi yenyewe, mradi hukuwasha chaguo la kutoa kwa proksi na hukuhamisha wala kubadilisha jina la folda ya asili. Hapo wepesi wote huisha, kwa kuwa 4K inafunguliwa tena fremu kwa fremu. Video yangu ya dakika 12, niliyoitoa kwa 1080p, ilichukua zaidi ya saa moja, feni ikivuma muda wote.