Kioo cha ndotoni hakina cha kuakisi

Mwezi uliopita, karibu na alfajiri, niliota ninanawa uso chumbani kwangu hapa Majengo, Moshi. Nilipoinua macho kwenye kioo, mashavu yalikuwa yanabonyea na ngozi inakunjamana, hadi nikawa namtazama bibi yangu wa Kibosho aliyefariki nikiwa darasa la nne. Sura ile haikunitisha. Nilijua kabisa kwamba yule ni mimi, nikaendelea kunawa. Hilo ndilo lililonitetemesha nilipoamka.

Shangazi alipopata habari alisema, "Bibi anakukumbusha, mwanangu. Jina lake si unalo wewe?" Kwetu Uchagani watoto hurithi majina ya babu na bibi, kwa hiyo namwelewa. Ila mimi nadhani jibu liko karibu zaidi.

Kioo cha kweli hurudisha mwanga. Usingizini macho yamefumba, hakuna mwanga wa kurudishwa, hivyo ubongo unalazimika kuichora sura kutoka kwenye kumbukumbu. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokagua kama jambo linawezekana, imepunguza kazi. Ndiyo maana uso unabadilika na mwenyewe hushangai.

Hata ukiwa macho unaweza kuyaona haya. Mwaka 2010 mtafiti Mwitaliano, Giovanni Caputo, alichapisha jaribio alilowafanyia watu 50: kila mmoja alijitazama kiooni kwa dakika 10 kwenye chumba chenye mwanga hafifu, taa ikiwa nyuma yake. Asilimia 66 waliona nyuso zao zimeharibika vibaya, asilimia 28 wakaona mtu wasiyemjua, na asilimia 18 wakaona sura ya mzazi; wengine waliona zaidi ya kimoja. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba jicho likikodolea sehemu moja, vilivyo pembeni hufifia, na ubongo hujaza pengo kwa kukisia.

Umeme ulipokatika wiki iliyofuata, niliweka mshumaa nyuma yangu nikajaribu. Jicho la kushoto likazama, kisha mdomo ukawa si wangu. Niliogopa mno, nikageuka kuutazama mshumaa. Niliporudi kiooni, uso ulikuwa wangu tena. (Mtu akishindwa kujitambua kiooni mchana kweupe, hilo si la kujaribia nyumbani, aende hospitali.)

Sasa tazama tofauti. Nikiwa macho, mdomo tu ulipobadilika nilihisi, "Huyu si mimi." Ndotoni uso wote ulikuwa wa mtu mwingine, na bado nilijua ni mimi. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kujijua na kuijua sura yako ni kazi mbili, na moja inaweza kuendelea bila nyingine. Tumezoea kusema mtu ni sura yake, hadi kwenye kitambulisho. Siamini tena.

Jumapili nilipanda Kibosho kumwomba shangazi picha ya bibi. Nilikuwa nimeisahau sura yake kuliko nilivyodhani. Pua ya bibi ilikuwa pana. Yule wa kwenye kioo alikuwa na pua nyembamba, na nilipoinua macho kutoka kwenye picha niliiona: ilikuwa ya shangazi.