Saa sita asubuhi, jua likizama Coco Beach

Wasifu wa mwanamume mmoja kwenye mtandao wa kutafuta wachumba unasema ni mhandisi wa miaka 38, mzaliwa na mkazi wa Dar es Salaam, "mcheshi, mkweli, najua kumthamini mwanamke". Siku ya pili anaandika: "Habari za asubuhi, asali. Nimeamka saa sita asubuhi nikiwaza tabasamu lako. Jana nilikaa Coco Beach nikitazama jua likizama baharini."

Utamu huo peke yake hauthibitishi ulaghai. Waswahili wameazima maneno ya mapenzi siku zote, hata kanga hununuliwa kwa sababu ya jina lake. Mtu mwenye nia njema anaweza kuwa mzito wa kuandika, akaomba msaada kwa rafiki au kwa mashine ya akili bandia.

Pazito ni kwenye saa. Mkazi wa Dar huamka saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita kwake ni mchana au usiku. "Saa sita asubuhi" ni Kiingereza kilichovishwa Kiswahili. Hata hivyo, kosa la tafsiri lina maelezo ya heri: aliyelelewa Uingereza anaweza kuteleza hivyo hivyo. Hata sisi tukimwandikia Mjerumani kwa kutumia mashine ya kutafsiri, "anapika" huweza kumgeuza kaka kuwa dada, kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi jinsia hapo.

Jua halina utetezi huo. Coco Beach inatazama mashariki. Jua huchomoza upande wa bahari na kuzama upande wa mji. Anayetaka kuliona likizama baharini aende Forodhani, Unguja. Aliyekaa pale jioni hakosei hilo, awe anaandika kwa lugha yoyote. Kwangu, kosa la jicho lina uzito kuliko makosa kumi ya sarufi.

Je, ni mashine? Maandishi peke yake hayatoshi kujibu. OpenAI, waundaji wa ChatGPT, waliifunga zana yao ya kutambua maandishi ya mashine Julai 2023 kwa usahihi mdogo, na tangu mwanzo walionya kuwa haitegemeki kwa maandishi mafupi wala kwa lugha zisizo Kiingereza. Ujumbe wetu una mistari mitatu tu.

Kinachopimika zaidi ni kumbukumbu. Akaunti inayoendeshwa na watu kadhaa kwa zamu huweza kuwa na daftari: jina la mtoto wako, maradhi ya mama, siku ya mshahara. Hayo atayakumbuka vizuri mno. Utani mdogo wa juzi kuhusu chapati iliyoungua hauandikwi daftarini. Utaje bila kuueleza, uone anavyojibu. Akisahau mara moja, ni ubinadamu; akisahau kila mara huku hakosei jina la mtoto, huenda unazungumza na zaidi ya mtu mmoja.

Kwa ujumbe huu, naweza kusema tu kwamba umeanzia kwenye Kiingereza, na mwandishi wake hakukaa Coco Beach jioni ile. Kama ni mtu au mashine, mistari hii haisemi. Akiomba pesa kabla ya kupiga simu ya video, jibu la swali hilo halihitajiki tena.