Matone au sindano: maji taka ya Rahat na mtoto wa Isale

Mwaka 2013 virusi vya polio vya asili, aina ya kwanza, vilionekana kwenye maji taka ya Rahat, mji wa Wabedui kusini mwa Israel. Nasaba yake ilikuwa ya Pakistani, na miezi michache kabla vilishaonekana kwenye maji taka ya Kairo. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi nchini Israel walikuwa wamechanjwa, na waliozaliwa tangu chanjo ya matone ya mdomoni iachwe karibu mwaka 2005 walikuwa wamepata ya sindano tu. Hakupooza hata mmoja. Lakini virusi viliendelea kuzunguka kwa miezi, vikipita ndani ya matumbo ya watoto hao hao waliokamilisha chanjo.

Kuelewa hilo, tufuate njia ya virusi. Huingia mdomoni kwa mikono, maji au chakula kilichogusana na kinyesi, huzaliana kooni na utumboni, kisha hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa. Walioambukizwa wengi hawaumwi kabisa. Ni takriban mmoja kati ya 200 ambaye virusi humpenya hadi kwenye uti wa mgongo na kuua neva zinazoendesha misuli. Maambukizi hupitia utumboni, ulemavu hutokea kwenye neva, na kila chanjo ina nguvu zaidi upande mmoja.

Sindano hubeba virusi vilivyouawa. Damu hujaa kingamwili zinazovizuia visifike kwenye neva, kwa hiyo mtoto hapoozi. Utumbo wake, ambao haujawahi kukutana na virusi hai, hupata kinga ndogo sana. Akivimeza, vitazaliana na kutoka chooni. Matone hubeba virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo hupita njia ile ile ya ugonjwa na kuufundisha utumbo kujilinda. Mtoto huyo akikutana na virusi vya asili, huvitoa kwa uchache na kwa muda mfupi. Zaidi ya hapo, virusi vya chanjo hutoka na kinyesi chake na kuwafikia wenzake wasiochanjwa, na baadhi yao hupata kinga.

Ndiyo maana Israel ilirudia matone. Agosti 2013 ilianza kampeni ya watoto chini ya miaka kumi, na mwaka uliofuata maambukizi yakakatika. Mpango ule ulikuwa salama kwa sababu ya mpangilio wake: watoto walikuwa wameshachomwa sindano, kwa hiyo hatari adimu ya matone yenyewe kumpoozesha mtoto ilikuwa karibu imezibwa.

Upande wa pili tunao karibu nasi. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwa zaidi ya miongo mitatu. Mtoto wa miaka minne katika wilaya ya Isale, ambaye hakuwahi kuchanjwa, alikutwa na virusi vya aina ya pili, pamoja na watoto wawili waliokuwa karibu naye. Nasaba yake haikuwa ya virusi vya asili. Vilitokana na matone mapya ya aina ya pili yaliyokuwa yametumika mashariki mwa Kongo, matone yaliyotengenezwa makusudi ili yasibadilike kwa urahisi. Yanabadilika mara chache zaidi kuliko yale ya zamani, lakini yanabadilika.

Sababu ni ile sifa niliyoitaja. Virusi hai vinavyosambaa mahali ambapo wengi wamechanjwa hukosa wa kumwambukiza na kufa. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa, huendelea kutoka utumbo hadi utumbo kwa miezi mingi, na kila vinapozaliana mabadiliko hujikusanya hadi uwezo wa kupoozesha unarudi.

Wapo wanaosema basi matone yaachwe, tubaki na sindano. Hoja yao ni ya kweli kwa mtoto mmoja mmoja: virusi vilivyouawa haviwezi kugeuka. Lakini mtaa ambao choo hufurika kila masika, ukiwa na sindano peke yake, utakuwa Rahat bila mabomba ya kupimia maji taka. Virusi vitazunguka kimya, na wa kwanza kutujulisha atakuwa mtoto asiyechanjwa aliyepooza mguu. Tena sindano huhitaji mhudumu aliyefunzwa, ilhali matone hutolewa na mtu wa kujitolea mlangoni.

Kwa maoni yangu, ratiba ya Kenya na Tanzania, inayompa mtoto matone na pia sindano, ndiyo sahihi kwa sasa. Sindano baada ya matone huongeza hata kinga ya utumboni, jambo ambalo sindano haiwezi peke yake. Ninachokipinga ni kampeni ya matone inayofanywa nusunusu: kupita mitaa inayofikika kwa gari, kuruka vijiji vya ng'ambo ya mto, na kuondoka. Hapo tunakuwa tumepeleka virusi hai jirani na watoto wasio na kinga, na hivyo ndivyo vilivyomfikia mtoto wa Isale.